Fundi Alisema Nguzo Itoke, Injinia Akakataa: Nani Hasa Ndiye Bosi Kwa Mjengo wa Keja Ndogo?

Kama mathe wako ameanza kuongea mambo ya kujenga, ama wewe mwenyewe umenunua kaploti na unaangalia plani kwa simu kila usiku, kaa hapa kidogo. Kuna swali moja watu hawaulizi mpaka doh iishe: kwa mjengo, nani anaamua nini?

Mimi nililijua swali hilo kwa saiti ya Anti yangu kule Juja. Nilikuwa nimetoka koleji kabla ya kumaliza (karo iligoma, tuiache hapo) na Anti akasema kama siendi darasani basi nikae saiti nihesabu saruji. Ploti ilikuwa 50 kwa 100. Nyumba ilikuwa ya kawaida: sebule na sehemu ya kulia zimeunganishwa, jikoni, bedrumu tatu, na juu slabu badala ya mabati, ndio siku moja ganji ikipatikana apandishe ghorofa.

Msingi ulikuwa umeshamwagwa, na sakafu ya chini pia. Kuta zilikuwa zimefika kama futi tano. Jumamosi moja Anti akaja na viatu vyake vya kanisa, akasimama katikati ya sebule, akaona vyuma vinne vimetoka sakafuni vikiangalia juu.

"Fundi, hii ni nini?"

"Hiyo ni ya nguzo, mama. Inakuja hapo."

"Hapo? Mbele ya tivi yangu?"

Fundi akacheka. Akasema hiyo si kitu, tunavikata na hakso, halafu kwa ile bimu ya juu tunaongeza vyuma viwili na itashika. Ameshafanya hivyo kwa nyumba nyingi. Anti alifurahi sana. Mimi pia nilifurahi, sitadanganya, maana ile nguzo ilikuwa inakaa vibaya kweli.

Kitu kilichotuokoa ni kwamba hakso ilikuwa imevunjika blade. Fundi akasema atanunua ingine Jumatatu. Jumapili Anti akamtumia akitekti picha kwa WhatsApp, ati amwonyeshe venye sebule itakuwa kubwa. Akitekti hakujibu kwa meseji. Alipiga simu.

Kabla nikuambie alisema nini, acha nikuelezee hawa watu wanne, maana wengi tunawachanganya.

Akitekti ndiye anachora nyumba venye utaishi ndani yake. Mlango uko wapi, dirisha linaangalia upande gani, jikoni inapata mwanga saa ngapi, choo kisikae mbele ya meza ya chakula, nyumba iko mbali kiasi gani na mpaka wa jirani. Hapa Kenya anafaa kuwa amesajiliwa na BORAQS, na muhuri wake ndio unakaa kwa ile plani inayoenda kaunti kupitishwa.

Injinia wa miundo ndiye anaamua nyumba itasimama vipi. Mtaro wa msingi uchimbwe mpaka wapi, nguzo ziwe ngapi na nene kiasi gani, vyuma saizi gani, viko wapi, na zege ichanganywe kwa kipimo gani. Yeye ana michoro yake, tofauti na ya akitekti, na bodi yake ni EBK. Hapa ndipo watu wengi huangukia, kwa sababu wakishaona plani nzuri yenye sofa zimechorwa, wanadhani kazi imeisha. Ile plani yenye sofa haina chuma hata kimoja ndani yake.

Wa tatu ni mkadiriaji majenzi, yule wasee wa mjengo humwita kyu-esi. Huyu anachukua michoro ya hao wawili na kuigeuza kuwa orodha: kila kazi, kiasi chake, bei yake. Orodha hiyo wanaiita bi-kyu. Yeye pia yuko chini ya BORAQS. Kwa nyumba ndogo huyu ndiye wa kwanza kurukwa, ati ni gharama ya bure. Nitakuonyesha chini venye alilipia mshahara wake kwa siku moja.

Halafu kuna fundi, ama kontrakta kama ni kampuni. Makontrakta wanasajiliwa na NCA. Fundi anaamua kazi inafanywa vipi: nani anaanza wapi leo, mbao zinasimama vipi, zege inapanda juu kwa karai ama kwa winchi, ni vijana wangapi wanaitwa siku ya slabu. Hiyo ni kazi kubwa na ina akili yake, usiichukulie ovyo.

Na wewe mwenye nyumba? Wewe unaamua unataka nini na utalipa ngapi. Hizo mbili ni zako na hakuna msee anaweza kukunyang'anya. Lakini "nataka sebule isiwe na nguzo" ni ombi. Likubalike au lisikubalike, jibu linatoka kwa injinia.

Sasa turudi kwa simu. Akitekti alimwambia Anti kitu kimoja tu: mtu asiguse hivyo vyuma mpaka injinia afike. Sio ati alikataa. Alisema nguzo imechorwa na injinia, na hata yeye mwenyewe hawezi kuitoa. Anaweza kuhamisha ukuta wa kawaida usiobeba kitu, anaweza kubadilisha upande wa mlango, lakini nguzo hapana.

Jumanne injinia akaja. Kijana tu, ametoka na bodaboda, kofia ya plastiki kwa mkono. Nilidhani ataongea hesabu ngumu. Badala yake aliokota kipande cha mbao nyembamba, akakiweka juu ya mawe matatu, moja kila mwisho na moja katikati. Akakibonyeza kwa mkono. Kilisimama. Akatoa jiwe la katikati, akabonyeza tena kwa nguvu ile ile. Kikapinda mpaka fundi mwenyewe akasema "sawa, sawa, nimeona."

Ile bimu ilikuwa na urefu wa mita 6 kutoka ukuta hadi ukuta, na nguzo iko katikati. Kwa hivyo kwa ukweli ilikuwa ni vipande viwili vya mita 3. Ukitoa nguzo, inakuwa kipande kimoja cha mita 6. Mtu anafikiri urefu umeongezeka mara mbili, basi tuongeze vyuma mara mbili. Haiendi hivyo. Mzigo wa kila mita ukiwa ule ule, nguvu inayojaribu kupinda bimu inapanda na urefu mara urefu. Mara mbili za urefu ni mara nne za nguvu. Na kule kubonyea katikati kunapanda kwa kasi zaidi ya hapo, ndio maana unaona nyumba ambayo bado haijaanguka lakini slabu imelegea na tailisi za juu zinapasuka.

Lakini hiyo haikuwa noma yenyewe. Noma ilikuwa mahali vyuma vinakaa.

Zege ikifinywa ina nguvu sana. Ikivutwa, inapasuka haraka. Ndio maana tunaweka chuma: chuma kinakaa upande ule unaovutwa. Bimu iliyoshikwa miisho miwili tu inapinda kama tabasamu, kwa hivyo chini ndiko kunavutwa, na vyuma vikubwa vinawekwa chini. Lakini ukiweka nguzo katikati, pale juu ya nguzo bimu inapinda kinyume, kama mgongo wa paka. Hapo juu ndiko kunavutwa. Basi injinia alikuwa amechora vyuma vizito juu, pale katikati, na chini yake vyepesi tu.

Fikiria sasa umekata nguzo halafu ukafunga vyuma kama vilivyochorwa. Pale katikati, ambapo hapo awali juu ndiko kulikuwa kunavutwa, sasa chini ndiko kunavutwa, tena mara nne. Na chini hakuna kitu cha maana. Vile vyuma viwili vya kuongeza, fundi alikuwa anaviweka wapi? Injinia alimuuliza hivyo, kwa heshima. Fundi akasema juu, pamoja na vingine, ndio viwe imara.

Kimya.

Mimi sitaki umuone huyo fundi kama mjinga. Kwanza, yeye ndiye alikuwa amegundua makosa ya hao wasomi wiki mbili kabla. Michoro ya akitekti ilikuwa inaonyesha dirisha la bedrumu linaishia pale pale ambapo mchoro wa injinia unaweka nguzo ya kona. Zimegongana kama sentimita 15. Fundi mwingine angesogeza nguzo akanyamaza, ama angekatakata dirisha. Huyu alisimamisha kazi upande huo, akaniambia nipige picha michoro yote miwili nitume kwa wote wawili. Akitekti akasogeza dirisha, akatuma karatasi mpya, kazi ikaendelea. Hivyo ndivyo inafaa kuwa: michoro ikigongana, fundi haamui, anauliza, na jibu linakuja kwa maandishi. Shida yake ilikuwa tu kwamba ombi la mwenye nyumba, tena mama wa watu amevaa viatu vya kanisa, ni ngumu kulikatalia.

Anti bado hakuwa amekubali kushindwa. Akauliza: sawa, kama si vyuma viwili, basi weka vyenye vinafaa. Bimu inaweza kuchorwa upya?

Injinia akasema inaweza. Bimu ingekuwa nene zaidi kwenda chini, kutoka sentimita 45 hadi 60, na vyuma vinene vinne upande wa chini. Hiyo peke yake haitishi. Lakini nguzo ya katikati ilikuwa inabeba zaidi ya nusu ya mzigo wa bimu hiyo. Ikitoka, mzigo hauendi hewani. Unaenda kwa nguzo mbili za pembeni, na kila moja mzigo wake kutoka kwa bimu hiyo unapanda zaidi ya mara mbili. Hizo nguzo za pembeni zimekaa kwa misingi iliyochimbwa na kumwagwa miezi miwili iliyopita, kwa saizi ya mzigo wa zamani. Kwa hivyo lazima kuvunja sakafu pembeni, kuchimba, kupanua misingi miwili, kuongeza unene wa nguzo, halafu ndio ufikirie bimu.

Hapa ndipo kyu-esi aliingia. Anti alikuwa amemlipa kutengeneza bi-kyu mwanzoni, na alikuwa anakuja kupima kazi kabla fundi alipwe. Injinia alimtumia mchoro wa majaribio, na yeye akarudisha bei siku mbili baadaye: kama laki moja na nusu. Na hakuandika tu saruji na vyuma. Aliweka kuvunja sakafu, kuchimba kwa mkono kwa sababu mashine haingii ndani, kurudisha sakafu, na siku ambazo vijana wengine watakaa bila kazi wakingoja. Kumbuka kyu-esi hakusema fanya ama usifanye. Alisema bei tu.

Kwa hivyo swali likarudi kwa Anti, na sasa lilikuwa swali lake kweli: sebule bila nguzo, ongeza laki na nusu. Ama nguzo ibaki.

Akitekti ndiye alileta njia ya tatu. Nguzo ibaki pale pale, injinia asibadilishe hata chuma kimoja. Lakini kutoka kwa nguzo hadi ukuta wa jikoni, ajenge kaunta ya urefu wa kiuno, ya kukaa na kunywa chai. Nguzo inakuwa mwisho wa kaunta badala ya mti uliosimama peke yake. Tivi ihamie ukuta wa upande. Kaunta ni mawe machache na mbao ya juu. Anti akaangalia mchoro dakika kama tano, akasema sawa.

Si umeona venye kila mtu aliamua kitu chake? Injinia alisema nini kitasimama. Akitekti alisema mtu ataishi vipi na hicho. Kyu-esi alisema ni ngapi. Anti akachagua. Fundi akajenga.

Sasa nilikuahidi stori ya kyu-esi na mshahara wake. Siku ya slabu ilipokaribia, fundi akaleta hesabu: mifuko 130 ya saruji. Mimi ndiye mwenye daftari la saruji na sikuwa na la kusema, 130 ni nyingi ama kidogo ningejuaje? Kyu-esi alikaa kwa ndoo, akatoa kalamu. Slabu ilikuwa mita 80 za mraba, unene sentimita 15. Hiyo ni 80 mara 0.15, yaani mita 12 za ujazo za zege. Injinia alikuwa ameandika mchanganyiko wa moja kwa moja na nusu kwa tatu: saruji moja, mchanga moja na nusu, kokoto tatu. Mchanganyiko huo unakula kama mifuko 8 ya kilo 50 kwa kila mita ya ujazo. Nane mara 12 ni 96. Ongeza kidogo ya kumwagika, sema 100. Bimu alikuwa ameshazihesabu kando na saruji yake ilikuwa stoo tayari.

Mifuko 30 ilikuwa inaenda wapi? Hakuna aliyemwita mtu mwizi. Fundi akasema yeye huweka ya akiba. Kyu-esi akasema akiba iko dukani, mita mia mbili kutoka hapa, ikipungua tutaongeza. Slabu ilimalizika na mifuko 99.

Lakini angalia mpaka ulipo hapo pia. Fundi alijaribu kupatana: basi tuchanganye moja kwa mbili kwa nne, tutumie hata chini ya 80, mama aokoe zaidi. Anti akamtazama kyu-esi, na kyu-esi akakataa kujibu. Akasema yeye anahesabu kilichochorwa. Kipimo cha zege ni cha injinia. Kama unataka kuokoa hapo, mpigie yeye. Injinia alipopigiwa alisema hapana kwa sekunde tatu.

Kitu kingine ambacho watu hupigania sana ni siku ya kutoa vigingi vinavyoshikilia slabu. Vigingi ni vya kukodisha, vinalipiwa kila siku, na fundi anavitaka kwa saiti ingine. Siku ya kumi akataka kuvitoa. Injinia alikuwa ameandika 21. Kwa macho slabu ya siku kumi inaonekana ngumu kabisa, unaweza kuruka juu yake, lakini ndani bado inaendelea kupata nguvu. Lini vinatoka, anaamua injinia. Kuanza na vya katikati ama pembeni ya chumba, nani anashika wapi, kijana gani asisimame chini, hayo fundi anapanga, akifuata maelekezo. Kumwagilia maji asubuhi na jioni kwa siku za kwanza ilikuwa kazi yangu, na mgongo wangu bado unakumbuka.

Kuna ujanja mmoja nakuomba uwe nao macho. Watu wengi huuziwa plani na mchoraji wa mtaani ambaye si akitekti, halafu muhuri unakodishwa kwa mtu ambaye hajawahi kuona hiyo ploti. Karatasi inakaa fiti, kaunti inaweza kuipitisha, lakini siku ya swali la nguzo hakuna mtu wa kupigia. Dawa yake ni rahisi. Kwa muhuri kuna jina na nambari ya usajili. Tafuta jina hilo kwa orodha ya BORAQS ama EBK, upate kontakti yake hapo, sio ile uliyopewa na mchoraji. Mpigie mwenyewe. Muulize: unaijua nyumba hii? Halafu muulize injinia kabla ya kumlipa kama atakuja saiti mara mbili: siku vyuma vya msingi vimefungwa kabla zege imwagwe, na siku vyuma vya slabu vimefungwa kabla zege imwagwe. Zege ikishamwagwa, hakuna mtu anaona kilicho ndani.

Siku yetu ya slabu injinia alitembea juu ya vyuma na tepu yake kama nusu saa. Alipata mahali vyuma vya chini vimelala moja kwa moja juu ya mbao. Akaagiza biskuti, vile vipande vidogo vya zege vinavyoinua chuma, maana chuma kikigusa mbao kitabaki wazi upande wa chini, hewa na unyevu vikifika kinashika kutu, kutu inavimba na kubandua zege. Vijana walinung'unika, wakaweka. Saa mbili asubuhi mashine ya kuchanganya ikawashwa.

Anti sasa anaishi humo. Ghorofa bado. Lakini kwa kabati la bedrumu yake kuna faili ya plastiki yenye michoro ya mwisho, ile yenye kaunta na dirisha lililosogezwa, na kwa mchoro wa injinia kuna laini moja aliyoandika kwa kalamu nyekundu: ukuta wa mawe wa juu usimame juu ya bimu tu, usikae katikati ya slabu. Fundi yeyote atakayeitwa kupandisha, ataonyeshwa hiyo laini kwanza kabla ya kutaja bei.